Samaki wa friza bila kumyeyusha

Barafu hula moto mwingi. Joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu, hata ikiwa tayari iko nyuzi 0, lingetosha kuyapasha maji yake hayohayo hadi karibu nyuzi 80. Na samaki, sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Kwa hiyo mnofu uliotoka friza haudai dakika mbili tatu za nyongeza, unadai mara mbili. Kanuni ya zamani ya wapishi, inayotajwa kuwa ya Kanada, ni oveni ya nyuzi 230 na dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Akiwa ameganda, dakika 20. Kinachopimwa ni unene wa sehemu nene kabisa, si uzito.

Chukua mnofu wa sangara wenye unene huo wa sentimita 2.5. Usuuze upesi kwa maji baridi ili kuondoa ganda la barafu ambalo kiwanda hulipaka kuzuia nyama isikauke, kisha uukaushe vizuri. Pakaa mafuta kwanza, ndipo chumvi na viungo vishike, maana juu ya barafu huteleza tu.

Asiye na oveni atumie sufuria pana. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka rojo liwe zito kuliko kawaida, kwani samaki ataongeza maji yake. Mlaze, funika, moto uwe wa wastani. Mchuzi utatulia ghafla, kwa hiyo usianze kuhesabu dakika mpaka uchemke tena. Ukifika wakati, ingiza uma katikati na uuzungushe kidogo. Nyama iliyoiva ni nyeupe kote na huachana kwa matabaka. Ikiwa katikati bado inang'aa kama kioo na inang'ang'ania, irudishe. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi 63 zinatosha.

Samaki mzima mnene ni habari nyingine. Ngozi na mkia vitakauka kabla mgongo haujaiva, hivyo huyo mlaze kwenye friji usiku kucha. Wala usimtumbukize samaki mwenye barafu katika mafuta ya moto, kwani maji hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta usoni.

Njegere hazina shida hiyo. Ni ndogo, na kwa kawaida hupitishwa maji ya moto kabla ya kugandishwa, hivyo zitie sufuriani dakika tatu za mwisho, mchuzi ukichemka. Ukiziyeyusha kwanza zitalegea, kwa sababu barafu imekwisha kupasua kuta za chembe zake na maji yatavuja. Mboga za kukaanga zitie kidogo kidogo katika kikaango chenye moto mkali. Ukizijaza, kikaango hupoa na zinachemka katika maji yake. Na zisiliwe bila kupikwa hata zikiwa kwenye saladi: bakteria aitwaye listeria hafi kwa baridi ya friza, na mahindi yaliyogandishwa yaliwahi kusababisha vifo Ulaya, mlipuko uliobainika mwaka 2018.