Kile kisanduku cha mwisho kwenye andalio la somo

Fungua faili la maandalio ya masomo katika shule nyingi za msingi Tanzania, shuka hadi chini ya ukurasa penye “Tathmini ya mwalimu” na “Maoni”. Utakutana na sentensi ileile: “Somo limefundishwa kama lilivyokusudiwa. Wanafunzi wengi wameelewa. Wachache watasaidiwa muda wa ziada.” Wako hata wanaoiandika usiku, pamoja na andalio lenyewe, kabla kipindi hakijafika. Siwalaumu sana. Mwalimu anajua faili litapita kwa mwalimu mkuu, huenda na kwa wathibiti ubora, na maneno “hawakuelewa” yanaweza kusomwa kama shtaka dhidi yake.

Lakini sentensi hiyo haimsaidii hata yeye mwenyewe. Mwakani akirudi kwenye mada ileile hatakuta cha kubadilisha, kwa hiyo atanakili andalio la zamani na kubadili tarehe.

Tuchukue kipindi cha Hisabati cha dakika 40, Darasa la Tano A, wanafunzi 45, mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Zoezi la mwisho ni 1/2 + 1/3. Waliopata 5/6 ni 26. Mwalimu wa “wengi wameelewa” angeishia hapo. Mwalimu makini anayageukia madaftari 19 yaliyobaki, na hahesabu waliokosa tu, anaangalia wamekosaje. Kumi na wanne wameandika 2/5. Watatu wameandika 2/6. Wawili hawakuandika kitu.

Hayo ni makosa mawili tofauti. Aliyeandika 2/5 amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kwake sehemu ni namba mbili zilizotenganishwa na mstari, wala hashtuki kwamba jibu lake ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Aliyeandika 2/6 yuko mbele zaidi: amepata Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ila amebadili asili na kuacha kiasi kilivyokuwa. Muda wa ziada ukitolewa kwa wote kwa pamoja, huyu atarudishiwa anachokijua na yule atarukishwa asichokijua.

Basi kwenye kisanduku anaandika hivi: “26/45 wamepata. 14 wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili (2/5). 3 wamepata KDS lakini hawakubadili kiasi. 2 hawakujibu, niwaulize kesho. Utangulizi umechukua dakika 12 badala ya 5, tulikariri vigawe. Zoezi limebaki na dakika 6. Safari ijayo: utangulizi bila kukariri, ukanda wa karatasi kabla ya KDS, na swali la kwanza liwe: jibu litazidi nusu au halitazidi?”

Ni mistari michache, na inaandikwa siku hiyohiyo madaftari yakiwa mezani, maana kesho atakumbuka tu kwamba darasa lilikuwa na kelele. Kama madaftari ni mengi mno, achukue kumi bila kuchagua, kutoka mbele, katikati na nyuma. Dakika zimeandikwa kwa sababu ukanda nao utahitaji muda wake, na sasa inajulikana utatolewa wapi.

Mwenye mikondo miwili ana bahati. Siku ya pili anaingia Tano B na andalio lililorekebishwa. Kila mtoto anakunja ukanda mara tatu sawa, kisha anaukunja katikati. Anapata vipande sita. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano. Mwishoni 2/5 wamebaki wanne tu, lakini 2/6 wamekuwa tisa.

Hapa ndipo wengi wangekata tamaa na kuutupa ukanda. Ukisoma tathmini mbili hizo pamoja, unaona watoto wametoka kwenye kosa la kwanza na kukwama kwenye la pili: wameviona vipande, hawajajua kuviandika. Toleo la tatu linadai jambo moja tu, kuandika 3/6 chini ya 1/2 na 2/6 chini ya 1/3 juu ya ukanda wenyewe kabla ya kwenda ubaoni. Hata hivyo B si A. Huenda walikuja wakiwa na msingi tofauti, kwa hiyo matokeo hayo ni dokezo, si ushahidi.

Liko tatizo jingine, la faili. Andalio likishasainiwa hulala kabatini. Mstari wa “safari ijayo” unakiliwe kwenye safu ya maoni ya azimio la kazi, mkabala na mada hiyo, kwa kuwa azimio ndilo linalofunguliwa mwaka unapoanza.

Na wewe mwalimu mkuu unayesaini, ukikuta “14 wamekosa” usimwite mwenzako kumhoji. Soma kwanza mstari unaofuata. Wa kuitwa ni yule ambaye darasa lake huelewa kila siku.