Mwajiri Mmoja, Kijiji Kizima

Chukua shamba la mkonge lililo mbali na mji, kama yaliyopo mkoani Tanga. Nyumba za wafanyakazi ni za shamba, na nauli ya kwenda kutafuta kibarua kwingine inamaliza ujira wenyewe. Mkataji asiporidhika na malipo, hana kwingine pa kubisha hodi. Mwajiri wa namna hii, mnunuzi pekee wa nguvu kazi, alichambuliwa na mwanauchumi Mwingereza Joan Robinson katika kitabu chake cha mwaka 1933.

Tupige hesabu ya mfano. Shamba lina wakataji 10, kila mmoja analipwa shilingi 5,000 kwa siku. Mkonge anaoukata yule wa 10 unaliingizia shamba shilingi 7,300. Wa 11 angeingiza 7,000, ila hatoki nyumbani kwa chini ya 5,200. Utadhani bosi atamkimbilia. Hamchukui, kwa sababu akimlipa huyo 5,200 itabidi awapandishie na wale 10. Jumla ya mishahara itatoka 50,000 hadi 57,200, yaani mtu mmoja amemgharimu 7,200 na kuleta 7,000. Basi mtu anakaa bila kazi, na waliomo wanalipwa pungufu sana ya wanachozalisha. Ndiyo maana utamsikia bosi akilalamika kila msimu kwamba hapati watu, na mshahara hapandishi.

Sasa serikali itangaze kima cha chini cha 5,600. Wakataji 13 wako tayari kwa malipo hayo, na wa 13 analeta 6,400. Kumwajiri hakumlazimu tena bosi kuwaongeza wengine, kwani wote wameshafika 5,600 kwa amri ya sheria. Atawachukua wote 13. Mshahara umepanda na ajira zimeongezeka. Kilichopungua ni faida ya bosi. Lakini kima kikiwekwa 7,500, hata yule wa 10 anayeleta 7,300 atapunguzwa.

Huko Marekani, jimbo la New Jersey lilipandisha kima mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa yake ya vyakula vya haraka na ya jimbo jirani la Pennsylvania, wasione ajira kupungua. Wapo wachumi waliopinga matokeo hayo, na ubishi haujaisha.

Shambani kuna hatari nyingine. Bosi anaweza kulipa 5,600 kama alivyoagizwa, kisha akaongeza idadi ya matita ambayo mkataji anatakiwa kuyamaliza kwa siku. Kwa mtu anayelipwa kwa kipimo, nyongeza hiyo imerudi mfukoni mwa bosi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mkikaa mezani kujadili kima cha chini, dai la idadi ya matita liandikwe pamoja na la mshahara.