Leo Anasikia, Alhamisi Hasikii

Barua hii nilimwandikia mwalimu wa darasa la mwanangu, aliye Darasa la Pili hapa Mpanda, siku daftari lake la imla liliporudi limejaa wino mwekundu.

Mwalimu,

Uliniambia kwamba mwanangu husikia anapotaka. Naelewa kwa nini imeonekana hivyo: Jumatatu anajibu vizuri, Alhamisi unamwita mara tatu naye ametulia tu. Daktari amemkuta na majimaji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Hana homa wala maumivu, na masikio hayatoi usaha, ndiyo maana hata sisi nyumbani tulichelewa kugundua.

Nyuma ya ngoma ya sikio panatakiwa pawe na hewa. Hewa hiyo huingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua, nao hufunguka tunapomeza mate au kupiga miayo. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo mafua yakiuvimbisha, hewa haipiti na majimaji hujaa mahali pake, mengine mazito kama gundi. Ngoma iliyojazwa uji hailii. Mafua yakiisha majimaji hupungua na usikivu hurudi; mafua mapya yakija, sikio huziba tena.

Tazama imla yake. Ulisema "fika", akaandika "pika". "Saa" ikawa "taa". Irabu zote amepata, kwa sababu irabu zina nguvu na hupenya. F na s ni pumzi tu. Kipimo cha usikivu kilionyesha upungufu wa desibeli 30 hivi, yaani sauti ya kawaida ya mazungumzo humfikia kama mnong'ono. Mvua ikipiga bati la darasa, hata mnong'ono huo humezwa.

Naomba akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Mwite jina kwanza, akigeuka ndipo useme, ukiwa umemtazama yeye na si ubao. Mvua ikinyesha, mwandikie maagizo ubaoni.

Hatujapewa dawa. Antibayotiki na dawa za mafua hazisaidii sana kuondoa majimaji haya, na mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Yakibaki, na usikivu ukiwa bado hafifu, daktari wa masikio anaweza kutoboa ngoma na kuweka kijirija kidogo cha kupitisha hewa, ambacho baadaye hutoka chenyewe. Ukiona usaha au akilia kwa maumivu ya sikio, hilo ni jambo jingine. Nipigie siku hiyo hiyo.

Kipimo cha siku moja kinaweza kuangukia siku njema. Kwa hiyo nimekupa daftari dogo: siku asiposikia, andika tarehe, na kama alikuwa na mafua. Tutakwenda nalo kwa daktari miezi 3 ikitimia.