Swali Lisiloandikwa

“Daladala ya Hamisi haisimami Mwembeni. Abiria wenyeji hushuka kituo cha mbele wakarudi kwa miguu, wala hawanung’uniki. Siku mgeni asiyejua akipaza sauti, ‘Shusha!’, konda hagongi bodi, na wazee walioketi siti za mbele hutazama chini.”

Aya hiyo nimeitunga kwa ajili ya makala haya. Ina sentensi tatu na haina alama ya kuuliza hata moja. Hata hivyo, aliyeisoma hadi mwisho ana swali, na ukimtaka alitaje hatasita: kuna nini Mwembeni?

Waandishi wengi wanaoanza hudhani swali la namna hii hupatikana kwa kuficha mambo. Basi huficha kila kitu. Wataandika hivi: “Hakuisahau siku ile. Siku iliyobadilisha kila kitu. Alijua watarudi, na safari hii hakuwa na pa kukimbilia.” Siku gani? Nani huyo? Watarudi akina nani? Ni kweli maswali yamejaa, lakini ni maswali ya mtu aliyekuta mazungumzo yamefika katikati na hakuna anayemweleza. Hana cha kubahatisha nacho. Anayesoma kuhusu Hamisi, kwa upande mwingine, tayari amekwisha kubuni majibu mawili matatu kabla ya kufika aya ya pili, na anaendelea kusoma ili aone kama amepatia. Kubahatisha kunahitaji vitu vya kushika: jina, mahali, kazi, tabia ya kila siku. Katika aya ile vyote vimetolewa. Kilichofichwa ni kimoja tu, sababu.

Tuipitie polepole. Sentensi ya kwanza inavunja desturi ambayo kila mpanda daladala anaijua: gari husimama kituoni, kwa kuwa abiria ndio fedha. Lakini sentensi hiyo peke yake haitoshi. Msomaji anaweza kujijibu kwamba huenda barabara ni mbovu pale, au trafiki husumbua, au dereva ni jeuri tu. Akishapata jibu jepesi, swali limekufa na yeye hana haja ya kuendelea.

Sentensi ya pili imewekwa kuyaziba majibu hayo. Abiria hutembea kurudi nyuma na hawanung’uniki. Abiria wa daladala! Watu wanaogombana na konda kwa chenji ya shilingi mia! Kama dereva angekuwa jeuri, wangempigia kelele au wangepanda gari jingine. Ukimya wao haulingani na hasara wanayopata, na hapo ndipo swali linapoanza kuwa zito. Sentensi ya tatu inalibana zaidi, maana inaonyesha kwamba konda anajua, wazee wanajua, na asiyejua ni mgeni. Msomaji naye ni mgeni katika gari lile.

Jambo la kuangalia ni kitu kisicholingana na kingine. Desturi inayojulikana huwekwa kando ya tendo linaloivunja, kisha majibu mepesi huzibwa moja baada ya jingine. Umri wa Hamisi haukuhitajika, wala rangi ya gari, wala hali ya hewa ya asubuhi ile. Vitu hivyo vina nafasi yake mbele ya safari. Katika mistari ya kwanza vingempa msomaji pa kupumzikia kabla hajashikwa.

Zipo njia nyingine zinazotumika sana, na mojawapo naipita haraka. Ni ile ya kumwuliza msomaji waziwazi: “Je, umewahi kujiuliza kwa nini baadhi ya madereva hawasimami vituoni?” Jibu la kweli la watu wengi ni “hapana”, na aliyejibu hapana amepewa ruhusa ya kufunua ukurasa mwingine.

Njia ya pili inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu tumefundishwa nayo shuleni. Ni kuanza na methali. “Wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Kisha anatokea Juma, kijana mtundu, na baba yake anamwonya asiende na marafiki fulani. Msomaji amekwisha kuimaliza hadithi. Methali ni hukumu: inafaa kesi ikiisha, na mwandishi huyu ameisoma kabla ya shahidi wa kwanza kusimama. Mwalimu wa insha ana sababu zake za kuipenda, maana inaonyesha kwamba mwanafunzi ameielewa mada. Msomaji wa gazeti hasahihishi mtihani.

Hapa mtu anaweza kubisha. Mbona kuna vitabu vikubwa vinavyoanza kwa kuutaja mwisho? Ni kweli, na mfano mzuri ni riwaya fupi ya mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez, iliyotoka mwaka 1981 na inayohusu kifo kilichotangazwa kabla hakijatokea. Katika sentensi ya kwanza kabisa tunaambiwa kwamba Santiago Nasar atauawa siku hiyo, na papo hapo tunaelezwa kwamba aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili akaisubiri meli inayomleta askofu. Swali la “je, atakufa?” limejibiwa kabla halijaulizwa. Swali la “nani kamuua?”, lile linaloendesha hadithi za upelelezi kama zile za Bwana Msa alizoziandika Muhammed Said Abdulla, nalo halichukui muda mrefu kujibiwa.

Kinachobaki ni kutolingana. Mtu wa kuuawa leo anaamka mapema kumlaki askofu, kana kwamba ni siku kama nyingine. Kadiri tunavyosoma tunagundua kwamba karibu mji mzima ulijua, na wauaji wenyewe walikuwa wakisema wazi wanachotaka kufanya. Basi ilikuwaje isizuiwe? Swali hilo linambeba msomaji hadi ukurasa wa mwisho hata kama mwisho anaujua. Methali ya Juma nayo ilitaja mwisho, lakini njia ya kuufikia ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Kwa Nasar, mwisho unajulikana na njia ndiyo isiyoaminika.

Kuna sharti moja ambalo mwandishi anayelijua sana somo lake hulisahau kirahisi: msomaji hawezi kuona desturi imevunjwa kama desturi yenyewe haijui. Tuseme unaandika kuhusu Lamu ya zamani, na unaanza: “Jahazi kutoka Arabuni liliingia Lamu mwezi wa Julai.” Baharia mzee atashtuka na kuuliza, limewezaje? Kijana wa Dodoma ataona habari ya kawaida, mashua imefika bandarini.

Aliyekulia pwani anajua kwamba majahazi ya Arabuni yalishuka kwa upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kurejea kwao kwa kusi. Julai ni kusi kamili. Jahazi linalotoka Arabuni wakati huo linakuja likikabili upepo na bahari yenye hasira. Kwa hiyo kanuni itolewe kwanza, kwa ufupi, na bila somo la jiografia: “Majahazi ya Arabuni huja na kaskazi na kurudi na kusi. Hili liliingia Lamu mwezi wa Julai, tanga zimeshushwa, na hakuna aliyejitokeza kwenye sitaha.” Sasa yule wa Dodoma na baharia wanauliza swali moja. Kanuni imekula sentensi moja fupi. Ikihitaji aya nzima ili ieleweke, mfano huo haufai kuwa mwanzo, hata kama wewe unaupenda, tafuta mwingine.

Turudi kwa Hamisi, maana bado hatujasema jibu lake ni nini, na jibu ndilo linaloamua kama aya ile ni ya haki. Tuseme mwandishi anafichua katika aya ya tisa kwamba kituo cha Mwembeni hakimo kwenye leseni ya njia ya gari lile. Msomaji ataona ametapeliwa. Leseni haiwafanyi wazee watazame chini. Sentensi ya tatu ilikopa kwa jina la jambo zito, la msiba au la aibu, na deni halikulipwa. Lakini kama mwanawe Hamisi aligongwa na gari pale pale kituoni, na abiria wale walikuwa kwenye mazishi, basi kila neno limelipwa: ukimya wa konda, miguu ya abiria, macho ya wazee.

Katika hadithi ya kubuni unaweza kulibadili jibu lilingane na swali. Katika makala ya habari za kweli huwezi. Kama ukweli ni leseni, wazee waondoke kwenye aya, na swali liwe dogo kwa kiasi chake. Hii ndiyo sababu waandishi wengi wazoefu huiandika aya ya kwanza mwisho, baada ya kujua wanalipa nini.

Namna ya kujua kama aya imefaulu ni rahisi, na haihitaji mtaalamu. Mpe mtu mistari ile ya kwanza tu, iliyobaki iwe imefunikwa, umwombe akuambie anataka kujua nini. Usimweleze chochote kabla. Akisema “nataka kujua kwa nini hasimami”, umefika. Akisema “huyu ni nani?” au “hapa ni wapi?”, umeficha visivyotakiwa kufichwa, rudisha jina na mahali. Watu wanne wakikupa maswali manne tofauti, aya imebeba mambo mengi mno, na pengine sentensi mbili zinastahili kuhamia chini.

Jibu gumu zaidi ni la yule anayesema kwa upole, “Nimeelewa, endelea.” Huyo hana swali. Mara nyingi dawa iko chini kidogo kwenye andiko lako mwenyewe, katika aya ya tatu au ya nne, pale ulipomaliza kupasha moto na kuanza kusimulia. Itafute hapo sentensi ambayo mtu anafanya jambo asilopaswa kulifanya, au halifanyi lile ambalo kila mtu hulifanya. Ihamishe juu, futa zilizoitangulia, kisha mpe mtu mwingine aisome, asiyewahi kuiona ile ya kwanza.