Katoni 60 Zilikwenda Wapi?

Tuseme mwenye duka la jumla alipandisha bei ya mafuta ya kupikia ya chapa moja kwa asilimia 10 mwanzoni mwa Januari, bidhaa nyingine akaziacha kwa bei ya zamani. Kabla ya hapo wateja walikuwa wakiagiza katoni 400 kwa wiki. Sasa wanaagiza 300. Ukigawanya asilimia 25 zilizopungua kwa asilimia 10 za bei, unapata unyumbufu wa 2.5, yaani kila asilimia moja ya bei imefukuza asilimia mbili na nusu ya oda.

Hesabu hiyo inaibebesha bei lawama yote. Januari ni mwezi wa ada za shule, na mifuko huwa mitupu. Ndipo zinapofaa bidhaa ambazo bei yake haikuguswa. Oda za sabuni na chumvi nazo zimeshuka kwa asilimia 10, kwa hiyo hata bei isingepanda, mafuta yangeshuka hadi katoni 360 hivi. Bei yenyewe imeondoa katoni 60 kati ya hizo, karibu asilimia 17, na unyumbufu unakuwa 1.7.

Lakini kwa nini sabuni, na si mafuta ya chapa ya pili yaliyo rafu hiyo hiyo? Yanafanana zaidi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Chapa ya pili imepanda kutoka katoni 200 hadi 220. Ukiifanya kipimo, utadhani chapa ya kwanza ingefika 440, na unyumbufu utaruka hadi 3.2. Kumbe chapa ya pili imepanda kwa sababu imepokea wateja waliokimbia bei. Kwa mwendo wa Januari ilipaswa kushuka hadi 180, kwa hiyo imepata katoni 40 za ziada. Huenda zote zimetoka katika zile 60. Kwa mwenye duka hiyo ni habari tofauti kabisa: mafuta aliyopoteza dukani ni katoni 20 tu.

Kipimo kizuri, basi, ni bidhaa inayopatwa na msimu ule ule lakini mteja hawezi kuitumia badala ya mafuta. Kuna njia ya kukijaribu: jifanye bei ilipanda Oktoba, wakati haikupanda, kisha rudia hesabu kwa oda za miezi hiyo. Jibu lisipokaribia sifuri, sabuni na mafuta haviendi pamoja, tafuta bidhaa nyingine.

Daftari lenyewe nalo lisomwe kwa shaka. Wiki ambayo stoo haikuwa na mafuta haionyeshi wateja walitaka kiasi gani. Wiki ya kabla ya bei mpya huvimba kwa waliosikia tetesi wakajaza akiba, na inayofuata hunywea. Zote mbili ziondolewe. Na kama mwenye duka alipandisha bei kwa sababu aliona mafuta yanaanza kugombaniwa, hata sabuni haitamsaidia, kwa kuwa yenyewe haikuwa ikigombaniwa.