Neno moja "eleza", maswali matatu: mtoto anajua jiografia lakini alama zinamponyoka

Wazazi wengi hapa pwani hunionyesha karatasi za watoto wao na kuniuliza swali moja: "Huyu mtoto alisoma, mimi mwenyewe nilimuona akikesha. Mbona jiografia amepata chini hivi?" Nikiisoma karatasi, mara nyingi naona mtoto anayajua mambo. Tatizo ni kwamba swali limetaka jambo moja naye akajibu jingine. Aliyasoma maneno yote ya swali isipokuwa lile la kwanza, nalo ndilo linaloagiza.

Shida hii ina mzizi wake katika lugha yetu. Mtihani wa KCSE wa jiografia huandikwa kwa Kiingereza, lakini mtoto wa Likoni au Malindi hufikiri kwa Kiswahili. Akikutana na lile neno linalotamkwa "diskraibu", kichwani mwake linageuka kuwa "eleza". Akikutana na "ekspleni", nalo linageuka kuwa "eleza". Kwetu sisi mtu anaeleza nyumba yake ilivyo, na pia anaeleza kwa nini alichelewa kazini, na neno ni hilohilo. Kwa mtahini hayo ni maagizo mawili tofauti, na kila moja lina namna yake ya kugawa alama. La tatu, "asesi", ambalo kwa Kiswahili ni kutathmini, wengi hulifanya orodha ya faida basi.

Nitatumia mfano mmoja tu ambao kila mtu wa pwani ameuona kwa macho: mwamba wa matumbawe, pale mawimbi yanapovunjika na kufanya mstari mweupe mbali kidogo na ufuo. Maarifa yatakuwa yaleyale katika majibu yote matatu. Kitakachobadilika ni neno la agizo.

Agizo la kwanza: eleza jinsi ulivyo

Tuseme swali linamtaka mwanafunzi aeleze mtawanyiko wa mwamba wa matumbawe katika pwani ya Kenya, kwa alama nne. Hili ni agizo la macho. Mtahini anataka picha: uko wapi, umekaaje, unaanzia na kuishia wapi, umekatika wapi. Hajauliza sababu hata moja.

Jibu zuri lingekuwa hivi: Mwamba unakwenda sambamba na ufuo, kuanzia upande wa Vanga na Shimoni kusini hadi karibu na Malindi. Uko karibu na nchi kavu, na kati yake na ufuo kuna maji ya kina kifupi. Si mstari mmoja usiokatika. Una mapengo kwenye midomo ya mito na hori, kama vile Kilindini, Mtwapa na Kilifi. Kaskazini ya Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, mwamba unapotea, kisha unaonekana tena kwa vipande katika visiwa vya Lamu hadi Kiunga.

Hizo ni hoja nne, na tatu kati yake zinataja mahali kwa jina. Ukilichunguza jibu hilo hutapata neno "kwa sababu" hata mara moja, na halikupungukiwa na kitu. Anayekosea hapa ni yule anayeanza kusimulia kwamba matumbawe hupenda maji ya joto. Ni kweli kabisa, lakini hakuulizwa. Atajaza nusu ukurasa, dakika zitakwenda, na pengo la Ungwana litabaki halikutajwa.

Kuna namna ya pili ya agizo hili, na ni vizuri kuijua. Swali likisema eleza jinsi mwamba huo ulivyofanyika, basi linataka hatua kwa mpangilio. Wanyama wadogo wa matumbawe hujishikiza kwenye mwamba wa chini baharini, karibu na ufuo. Hujijengea maganda magumu ya chokaa. Wakifa, maganda yao hubaki, na wengine hujenga juu yake. Maganda hayo hushikamana yakawa jiwe, na mwamba hukua kwenda juu na kwenda upande wa bahari kuu. Hapa alama ziko kwenye mfuatano. Mwanafunzi anayeanza na jiwe kisha akarudi kwa wanyama amelivunja jibu lake, hata kama kila sentensi ni sahihi.

Agizo la pili: eleza kwa nini

Sasa tugeuze neno. Swali linamtaka mwanafunzi aeleze sababu za mwamba kukosekana kwenye midomo ya mito, kwa alama nne. Kwa kawaida swali la namna hii hutoa alama mbili kwa kila sababu: sababu yenyewe, na namna inavyoleta matokeo. Kwa hiyo alama nne zinadai sababu mbili zilizokamilika, si nne zilizotajwa juu juu.

Mwanafunzi mmoja anaandika: "Kwa sababu kuna mto." Hiyo ni kutaja mahali tu, mtahini bado anasubiri. Mwingine anaandika: "Kwa sababu hali haifai matumbawe." Huyo amelirudia swali kwa maneno mengine. Sababu kamili ni mnyororo, na kila pete lazima ishikane na ya pili yake.

Mnyororo wa kwanza ni wa tope. Mto Sabaki, hasa wakati wa mvua, huteremsha tope jingi kutoka bara, na kila mtu wa Malindi ameona bahari ikibadilika rangi ikawa ya udongo. Tope hilo hulifanya jua lisipenye majini. Ndani ya matumbawe huishi mimea midogo sana ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na matumbawe hukitegemea chakula hicho. Mwanga ukikosekana chakula hupungua, na mwamba haukui.

Mnyororo wa pili ni wa chumvi. Mto huleta maji baridi yasiyo na chumvi, na maji hayo huipunguza chumvi ya bahari pale mdomoni. Matumbawe huishi katika maji ya chumvi ya kawaida ya bahari. Chumvi ikishuka sana, hufa. Kwa hiyo pengo linabaki mbele ya mdomo wa mto.

Nina kipimo kimoja ninachowapa vijana wa mtaani wanaokuja na karatasi zao baada ya Maghrib. Ukimaliza sentensi yako, jiulize, "Kwa hivyo?" Mto unaleta tope, kwa hivyo? Jua halipenyi, kwa hivyo? Chakula kinapungua; kwa hivyo? Mwamba haukui. Ukifika kwenye jambo lenyewe lililoulizwa, simama. Ukisimama kabla ya hapo, umeacha alama mezani.

Agizo la tatu: tathmini

Neno hili hukutana nalo zaidi katika mitihani ya Kembriji ambayo baadhi ya shule zetu hufuata, na katika vyuo. Tuseme swali ni: tathmini ni kwa kiasi gani mwamba wa matumbawe unawafaa wakaazi wa pwani ya Kenya. Hapa kutaja hakutoshi na kutoa sababu hakutoshi. Mtahini anataka mizani: weka uzito pande zote mbili, kisha sema upande gani umelemea na umejuaje.

Upande wa faida, mwamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na hivyo fukwe kama za Diani na Nyali hazimomonyoki upesi. Maji matulivu nyuma ya mwamba humwezesha mvuvi mwenye ngalawa au mtumbwi kupata riziki bila kutoka bahari kuu. Watalii huja kuona matumbawe, kama vile katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968. Upande wa hasara, mwamba ni hatari kwa vyombo, na huzuia meli kubwa kukaribia nchi kavu.

Wengi huishia hapo, wakaongeza "kwa hivyo mwamba una faida na hasara." Sentensi hiyo haijahukumu kitu. Kadhi hawezi kusikiliza pande mbili kisha akasema wote wawili wamezungumza.

Hukumu inatoka kwa kuzilinganisha hoja zenyewe. Hasara ya meli ina mpaka: mwamba umekatika mbele ya hori, na Kilindini ni mojawapo, kwa hiyo bandari kuu ilipata mlango wake palepale ambapo matumbawe hayakuweza kukua. Faida, kwa upande mwingine, zinawafikia watu wengi wa vijiji vya ufuoni kila siku. Hata hivyo faida hizo si sawa kila mahali. Katika Ghuba ya Ungwana, ambako mwamba hakuna, maji ya tope yanayoleta hasara kwa matumbawe ndiyo yanayowafaa kamba, na wavuvi wa huko wana riziki yao bila mwamba. Tena faida nyingi hutegemea mwamba ulio hai. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa.

Basi hukumu inaweza kusomeka hivi: mwamba unawafaa sana wakaazi wa kusini ya Malindi, kuliko unavyowadhuru, lakini kaskazini, karibu na mdomo wa Tana, faida yake ni ndogo, na hata kusini itapungua kadiri matumbawe yanavyokufa. Mwanafunzi mwingine anaweza kufikia hukumu tofauti na akapata alama zilezile, mradi aonyeshe ameipimaje.

Jambo la kufanya kabla ya kuandika

Katika kila karatasi ya jiografia ya KCSE, sehemu ya pili ina maswali matatu ya kujibu, kila moja likiwa na alama 25 zilizogawanywa vipande vipande. Maana yake ni kwamba ndani ya swali moja neno la agizo linaweza kubadilika mara kadhaa. Mtoto aliyeanza kwa kutoa sababu huendelea kutoa sababu hadi mwisho, ingawa kipande cha pili kilitaka picha tu.

Dawa yake ni ndogo. Apige mstari chini ya neno la agizo katika kila kipande, na pembeni yake aandike kwa penseli neno moja la Kiswahili: "lilivyo", "hatua", "kwa nini" au "pima". Asiandike "eleza", maana hilo ndilo linalomchanganya. Kisha aangalie idadi ya alama kwenye mabano, ajue anadaiwa hoja ngapi. Na wewe mzazi usiyesoma jiografia unaweza kumsaidia leo usiku: chukua karatasi ya zamani, msomee swali, na kabla hajajibu chochote muulize, "Hapa wanataka lilivyo, au wanataka kwa nini?" Akisitasita, hapo ndipo alama zake zinapopotelea.