Kitenzi Kinachongoja Sentensi ya Mwisho

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza njia mpya ya kupima ugumu wa maandishi: unafuta maneno katika kifungu, kisha unaangalia wasomaji wanaweza kurudisha mangapi. Walimu wa lugha wakaichukua njia hiyo na kuifanya mtihani. Aina mojawapo huondoa viambishi vya wakati peke yake. Mzizi wa kitenzi unaachwa, na mwanafunzi anatafuta wakati unaofaa kwa kusoma kisa kizima.

Tazama kifungu hiki:

*Juma (1. -fika) gatini asubuhi. (2. -mtafuta) nahodha, (3. -ambiwa) kwamba mashua (4. -ondoka). Tanga lake lilionekana kwa mbali. Basi Juma alirudi nyumbani (5. -nung'unika).*

Ukiisoma sentensi ya kwanza peke yake, pengo la 1 linapokea *anafika*, *atafika*, *hufika* na hata *amefika*. Kinachoamua kiko mbele: *lilionekana* na *alirudi* vinaonyesha kwamba kisa kimepita, kwa hiyo *alifika*. Hapo *-li-* imeshaweka wakati, na matukio yanayofuatana yanabebwa na *-ka-*: *akamtafuta*, *akaambiwa*. Pengo la 5 ni *akinung'unika*, kwa kuwa manung'uniko yanakwenda sambamba na safari ya kurudi.

Pengo la 4 ndilo linalowakwaza wengi. Mwanafunzi akishaona kisa ni cha wakati uliopita, huandika *iliondoka*. Lakini Juma anapoambiwa habari hiyo, mashua imeshang'oa nanga na haipo gatini. Hali hiyo huonyeshwa na *-me-*, ijapokuwa kisa chote ni cha zamani. Jibu ni *imeondoka*. Sasa ondoa sentensi mbili za mwisho, uweke: *Akakata tiketi, akakaa kungoja.* Hatujagusa neno lolote lililo kabla ya pengo, lakini jibu limekuwa *itaondoka*.

Zoezi hili lina mpaka wake. Katika pengo la 2, *alimtafuta* si kosa la sarufi. Linalegeza tu mfululizo wa matukio. Mtunzi anapaswa kuamua kabla ya kusahihisha kama atalikubali, la sivyo wanafunzi wawili wenye jibu moja watapata alama tofauti.

Mtunzi anaweza pia kulipima zoezi lake mapema. Afunike kifungu, aache sentensi yenye pengo peke yake, ampe mtu aijaze. Jibu likipatikana hivyo, kwa mfano kwa sababu sentensi ina *jana* au *kesho*, pengo hilo linapima sarufi ya sentensi moja tu. Akitaka kupima usomaji wa kisa, alifute neno hilo na kuacha matukio yenyewe yaseme lini.